Urudie mara ngapi, na ombi lihesabiwe limekufa lini? Njia nne zikilinganishwa

Sidekiq, mfumo wa kuendesha kazi za foleni, ikiachwa kama ilivyo hurudia kazi iliyoshindwa mara 25 kabla ya kukata tamaa. Celery, ya aina hiyo hiyo, ukiiambia irudie hurudia mara 3. Job ya Kubernetes hurudia mara 6. Anayepanga mfumo wake kwa mara ya kwanza akizitazama namba hizi huona mmoja ana subira na wawili wana haraka, basi anachukua kitu cha katikati, 5 au 10, na kuendelea na mambo mengine. Tatizo ni kwamba namba hizi hazipimi kitu kimoja. Zile 3 za Celery hupishana kwa sekunde 180, kwa hiyo dakika ya 9 habari imekwisha. Zile 6 za Kubernetes huanza na pengo la sekunde 10 linalojizidisha mara mbili, na jumla yake ni dakika 10 na nusu ukiacha muda wa kazi yenyewe. Zile 25 za Sidekiq mapengo yake hupanuka kiasi kwamba jaribio la mwisho linaangukia takribani siku ya 20.

Swali la "mara ngapi" basi halijibiki mpaka useme kwanza hitilafu unayoisubiri huchukua muda gani kuondoka. Hapa ninalinganisha njia nne zinazotumika kuamua: kuhesabu majaribio, kuweka ukomo wa muda, kusoma aina ya jibu, na kumsimamisha mpokeaji mzima. Msimamo wangu nautoa mapema ili usiutafute: muda ndio msingi, jibu ndilo linaloufupisha, na idadi ibaki kuwa breki ya dharura tu.

Tuchukue mfano mmoja tuende nao mpaka mwisho. Una mfumo wa kupokea ada za shule. Mzazi analipa kwa simu, mfumo wako unaandika malipo, kisha unatuma arifa kwa POST kwenda seva ya shule: namba ya mwanafunzi, kiasi, namba ya muamala. Hiyo "seva" ya shule ni kompyuta iliyo chini ya meza ya mhasibu. Mhasibu anaizima saa 10 alasiri anapofunga ofisi na kuiwasha saa 2 asubuhi. Wazazi wao hulipa usiku, Jumamosi, na Jumapili baada ya ibada.

Kuhesabu majaribio

Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote kuiandika na kuieleza. Kila ombi lina namba pembeni, likishindwa namba inapanda, ikifika kikomo ombi linawekwa kando. Ni kama hodi: mgeni hupiga mara tatu, asipoitikiwa anarudi alikotoka. Lakini hodi tatu zinatosha kwa sababu mwenye nyumba akiwepo anasikia. Shule iliyozima kompyuta haisikii hodi ya kwanza wala ya hamsini, na ukizipiga zote ndani ya dakika 9 umefanya kazi bure.

Nguvu ya njia hii iko pengine. Ombi linaloiangusha programu yenyewe, mathalani faili lenye herufi za ajabu linaloua mchakato kila likisomwa, halifai kusubiriwa kwa siku. Litaua mchakato leo, litauua kesho, na kila likirudi linakwamisha maombi mazima yaliyo nyuma yake. Hapo idadi ndogo, 3 mpaka 5, inakuokoa haraka kuliko saa yoyote. Kwenye RabbitMQ foleni za aina ya quorum zina kikomo hiki ndani yake, na tangu toleo la 4.0 kimewekwa 20 bila wewe kuomba.

Kabla ya kuandika namba, hakikisha unajua inahesabu nini. Celery ukiipa `max_retries=3` kazi itaendeshwa mara nne, kwa sababu ile ya kwanza si marudio. Laravel ukiiandikia `$tries = 3`, itaendeshwa mara tatu kwa jumla. Vivyo hivyo `attempts: 3` ya BullMQ. Timu moja ikitumia mifumo miwili na kuandika "3" kote, itapata tabia mbili tofauti, na tofauti hiyo huonekana siku mtu anaposoma logi na kubishana na mwenzake.

Amazon SQS ina mtego wake. Namba inayowekwa pale, `maxReceiveCount`, haihesabu kushindwa. Inahesabu mara ambazo ujumbe umepokelewa. Programu yako ikichukua ujumbe na kuzimwa katikati kwa sababu mnapandisha toleo jipya, hesabu imepanda. Kazi ikichukua sekunde 45 ilhali ujumbe unafichwa kwa sekunde 30 tu, ambao ndio muda wa kawaida, ujumbe unajitokeza tena kabla hujamaliza na hesabu inapanda ingawa hakuna kilichoharibika. Hata kuufungua ujumbe kwenye ukurasa wa usimamizi ili uutazame kunahesabiwa. Ukiweka kikomo cha 2 au 3 hapa, utakuta ujumbe mzima kabisa umetupwa kwenye foleni ya pembeni. Dalili ya kuutambua mtego huu ni kwamba ujumbe uko pembeni lakini kwenye logi hakuna kosa hata moja linalohusiana nao.

Kuweka ukomo wa muda

Njia ya pili husema: ombi hili litajaribiwa mpaka saa fulani tangu lilipoundwa, likivuka hapo basi. Barua pepe inaishi hivi tangu zamani. RFC 5321 ya mwaka 2008 inamtaka anayetuma asikate tamaa kabla ya siku 4 mpaka 5, na kwa kawaida asirudie chini ya kila dakika 30. Postfix inafuata hivyo hivyo: `maximal_queue_lifetime` yake ni siku 5, na wala haina mahali pa kuandika idadi ya majaribio. Ndiyo maana seva ya barua inaweza kuzimika wikiendi nzima na Jumatatu barua zote zikaingia.

Rudi kwa shule yetu. Kutoka Ijumaa saa 10 alasiri mpaka Jumatatu saa 2 asubuhi ni saa 64. Ukiweka ukomo wa siku 3, yaani saa 72, unaona umeshamaliza na una akiba ya saa 8. Subiri Pasaka. Ofisi inafungwa Alhamisi saa 10 alasiri, Ijumaa Kuu ni sikukuu, Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu, na kompyuta inawashwa Jumanne saa 2 asubuhi. Hizo ni saa 112. Arifa zote za Alhamisi jioni na Ijumaa asubuhi zitakuwa zimetangazwa zimekufa kabla mhasibu hajaingiza ufunguo mlangoni. Siku 5, yaani saa 120, zinavuka Pasaka kwa saa 8. Ukomo wa muda, kwa hiyo, unautoa kwenye kalenda ya mpokeaji: kaa naye, muulize ni lini ofisi yao hufungwa muda mrefu kuliko wakati mwingine wowote, kisha ongeza kidogo. Shule inayofunga mwezi mzima na kompyuta yake utaihudumia kwa njia ya nne, siyo kwa kurefusha ukomo mpaka mwezi.

Ukishaupata muda, ndipo idadi inajitokeza yenyewe, na inategemea mapengo. Tuseme pengo la kwanza ni dakika 1 na kila mara linajizidisha mara mbili: 1, 2, 4, 8, 16, na kuendelea. Mzazi amelipa Alhamisi ya kabla ya Pasaka saa 10 na dakika 5, dakika tano tu baada ya kompyuta kuzimwa. Angalia inavyokuwa ukiweka dari tofauti ya pengo:

| Dari ya pengo | Marudio mpaka kuvuka saa 120 | Arifa inafika shuleni |
|---|---|---|
| Hakuna dari | 13 | Jumatano saa 2:36 asubuhi |
| Saa 6 | 28 | Jumanne saa 6:36 mchana |
| Saa 1 | 125 | Jumanne saa 2:08 asubuhi |

Mstari wa kwanza unavutia kwa uchache wa marudio, lakini tazama kinachotokea. Marudio ya 12 yanaangukia saa ya 68, Jumapili mchana, na ya 13 saa ya 136. Kati yake kuna kimya cha siku karibu tatu. Kompyuta imewashwa Jumanne asubuhi, iko hewani siku nzima, na mfumo wako umelala. Dirishani mambo yanakuwa hivi:

"Mama, hapa kwangu ada ya mtoto haionekani."

"Mwalimu, nimelipa tangu Alhamisi, meseji ninayo hii hapa."

"Meseji naiona, mama, lakini mfumo ndio unaonipa ruhusa ya kumpokea."

Tena hapo nimeuruhusu mfumo uvuke ukomo ili umalize jaribio lake. Ukiwa mkali kwamba saa ya 120 ikifika ombi linakufa, arifa hiyo ingekufa Jumanne saa 10 na dakika 5 alasiri bila kujaribiwa hata mara moja siku ambayo kompyuta iliwaka kuanzia asubuhi. Kosa hili ni la kawaida kwenye programu zilizoandikwa kwa mkono, na dawa yake ni mstari mmoja: pengo linalofuata liwe dogo kati ya pengo lililokokotolewa na muda uliobaki, ili jaribio la mwisho liangukie kwenye ukomo wenyewe, siyo baada yake.

Kwa arifa za aina hii mimi nachagua dari ya saa 1. Marudio 125 yanatisha ukiyasoma kwenye karatasi, lakini ni ombi moja dogo kwa saa kwa kila arifa. Linaloweza kukuumiza ni yote kugonga pamoja. Arifa mia nne zilizoshindwa usiku mmoja zitarudi kwa makundi dakika zile zile, na kompyuta ya mhasibu ikiamka itakutana nazo kwa mkupuo. Tawanya: ukipata pengo la dakika 60, chagua muda wa kubahatisha kati ya 45 na 60. Sidekiq yenyewe huongeza bahati nasibu kidogo kwenye kila pengo kwa sababu hiyo hiyo.

Muda una upande wa pili pia, nao ni uhai wa ujumbe. Namba ya siri ya kuingilia inayokwisha baada ya dakika 5 haina sababu ya kutumwa dakika ya 6, hata kama mpokeaji amerudi hewani. Itamchanganya tu mtu ambaye ameshaomba nyingine. Kwa hiyo ukomo ni ule mfupi kati ya viwili: muda ambao mpokeaji anaweza kukosekana, na muda ambao ujumbe bado una maana. Arifa ya ada ina maana hata baada ya wiki. Namba ya siri, dakika tano.

Kusoma jibu

Njia mbili za kwanza hazijali mpokeaji amesema nini. Hii ya tatu inajali. SMTP, itifaki ya barua pepe, iliyagawa mapema: majibu yanayoanza na 4 ni ya muda, rudi baadaye, na yanayoanza na 5 ni ya kudumu, usirudi. HTTP imeyapanga kinyume, kosa linaloanza na 4 ni la anayeomba na linaloanza na 5 ni la seva, na hapo ndipo wengi wanaponakili kanuni vibaya: "kila la 4 ni kifo, kila la 5 ni kurudia."

Kwa kuanzia, 408 na 429 ni za 4 lakini zinakuambia urudi, na 429 ikija na `Retry-After` imekupa hata muda wa kurudi. Uuheshimu, na usiihesabu kama kosa la ombi. Lakini hata zile zinazoonekana za kudumu nazo zina vichekesho vyake pale seva ikiwa ya mtu mwingine. 404 kwenye arifa ya ada maana yake mara nyingi ni kwamba fundi wa shule amepandisha toleo jipya na kusahau njia moja. Ataigundua baada ya saa mbili. 400 inaweza kuwa programu yao imekataa jina lenye alama ya ritifaa, kama Ng'wanashija au Nyang'oro, na hiyo ni hitilafu yao watakayoirekebisha. Ukiiua arifa kwa jibu la kwanza la 400, umeadhibu mzazi kwa kosa la fundi.

401 na 403 ni kundi la peke yake. Ufunguo umekwisha muda au umebadilishwa, na hakuna marudio yatakayoufufua mpaka mtu auingize mwingine. Cheti cha usalama kilichokwisha muda kinaangukia hapo hapo. Kurudia hapa hakuna madhara makubwa ila hakuna faida. Kilicho muhimu ni mtu apigiwe simu siku ya kwanza, siyo siku ya tano arifa zinapokufa.

Kwa hiyo jibu ninalolikubali kuwa kifo cha papo kwa papo ni moja tu, 410, kwa kuwa mwenye seva amesema kwa makusudi kwamba mahali hapo hapapo tena. 400 na 422 nazipa nafasi tatu, kisha arifa inawekwa pembeni ikimsubiri mtu, bila kuitwa mfu. Yaliyobaki yote yanaamuliwa na muda:

```python
def amua(arifa, jibu, sasa):
    if jibu == 410:
        return "imekufa"
    if jibu in (400, 422) and arifa.kukataliwa >= 3:
        return "inasubiri_mtu"
    if sasa >= arifa.iliundwa + timedelta(hours=120):
        return "imekufa"
    return "rudia"
```

Kumbuka kwamba `arifa.kukataliwa` inahesabu 400 na 422 tu. Ukitumia hesabu moja kwa kila kitu, arifa iliyogonga kompyuta iliyozimwa mara sitini itafika Jumanne, ipate 400 moja, na kuhukumiwa hapo hapo kana kwamba imekataliwa mara nyingi.

Kwa mfumo wako mwenyewe, ambapo wewe ndiye unayeandika pande zote mbili, unaweza kuwa mkali zaidi. 400 kutoka kwa huduma yako mwenyewe ni hitilafu uliyoipandisha wewe, irudie au usiirudie haitapona mpaka urekebishe. Hapo kuiweka pembeni mara ya kwanza ni sawa.

Kumsimamisha mpokeaji

Njia tatu zilizotangulia zinaamua ombi moja moja. Lakini shule ikizima kompyuta, halijafa ombi, amekosekana mpokeaji. Ukiwa na arifa 400 za shule ile ile, kila moja inajaribu kivyake, kila moja inasubiri sekunde zake 10 au 30 mpaka muda uishe bila jibu, na nafasi zako za kazi zote zinakaliwa na shule moja huku shule nyingine mia zinasubiri foleni. Hili ndilo linaloangusha mifumo, na hakuna kikomo cha idadi kinacholitibu. Ukipunguza marudio utaua arifa nzima, ukiyaongeza utajaza foleni.

Tiba ni kuweka hali kwenye mpokeaji. Zikishindwa arifa tano mfululizo kwa kukosa muunganisho, shule hiyo inasimamishwa: arifa zake zinakaa bila kujaribiwa, na moja tu inatumwa kila dakika 10 kama mpiga ramli. Ikipita, foleni inafunguliwa taratibu, mathalani arifa mbili kwa sekunde. Arifa zilizokuwa zimekaa hazikupoteza jaribio hata moja, na ukomo wao wa saa 120 nao unaweza kusimamishwa kwa muda huo ukitaka. Mimi nausimamisha kwa shule zilizotoa taarifa ya likizo na kuuacha uendelee kwa zilizopotea kimya kimya, kwa sababu kimya cha siku tano bila taarifa ni jambo ambalo mtu anapaswa kulijua.

Gharama yake ni ugumu. Lazima uwe na jedwali la wapokeaji, hali zao, na programu ya kupima. Kwa mfumo unaotuma kwa mpokeaji mmoja au wawili ni mzigo usio na sababu. Kuanzia wapokeaji kumi hivi wanaomilikiwa na watu tofauti, utauhitaji utake usitake.

Kufa maana yake nini

Chochote utakachochagua, siku itafika ombi litatangazwa limekufa, na hapo ndipo neno moja kwenye skrini linaweza kuleta balaa kuliko hitilafu yenyewe. Ukiandika "IMESHINDIKANA" kwenye safu ya malipo, mhudumu wa wateja atasoma kwamba malipo yameshindikana. Atamwambia mzazi alipe tena. Lakini hela zilishaingia, kilichokufa ni arifa. Tenga hali mbili kwenye hifadhidata, ya malipo na ya arifa, kila moja na safu yake, na kwenye skrini andika kwa urefu: "Malipo yamepokelewa. Shule haijapata taarifa." Hakuna mhudumu atakayekosea hapo.

Zaidi ya hapo, ombi linalohamisha hela, siyo linaloarifu, halipaswi kutangazwa limeshindwa kwa sababu ya idadi wala muda. Ukimtumia mtu pesa na jibu lisirudi, hujui kama zimefika. Muda kuisha bila jibu ni "haijulikani", na kutoka hapo unaruhusiwa kwenda kwenye "imeshindwa" baada ya kuuliza hali ya muamala na kujibiwa, basi. Kwenye M-Pesa ya Safaricom, kwa mfano, ombi la malipo lililotumwa kwenye simu ya mteja lina `CheckoutRequestID`, na ndiyo unayoitumia kuulizia. Jibu 1032 linakuambia mteja ameghairi mwenyewe. Kulirudia ombi hilo kimya kimya ni kumsumbua mtu aliyeshakataa, na kulirudia ambalo jibu lake halikurudi ni kujitafutia malipo mara mbili. Hapa marudio yanaelekezwa kwenye swali la hali, ambalo unaweza kuliuliza mara mia bila madhara.

Maombi yaliyokufa yahifadhiwe wapi na kwa muda gani? Sidekiq huyaweka kwenye orodha ya wafu inayobeba kazi 10,000 au miezi 6, kinachotangulia, kisha za zamani zinafutwa bila kukuaga. Hitilafu moja kubwa ikiua kazi 15,000 kwa siku, 5,000 zimeshapotea kabla hujafungua ukurasa. Kwa SQS, foleni za kawaida huhesabu umri wa ujumbe tangu ulipoingia kwenye foleni ya kwanza, siyo tangu ulipohamishiwa pembeni. Foleni zote mbili zikiwa na siku 4 za kawaida, ujumbe uliohangaika siku 3 unabakiwa na siku moja tu pembeni, na kama ni Ijumaa, Jumatatu haupo. Iweke ile ya pembeni siku 14, ambazo ndizo za juu zinazoruhusiwa. Kwa arifa za ada mimi sitegemei foleni yoyote: mstari unabaki kwenye hifadhidata, na hali yake tu ndiyo inayobadilika.

Nani achague ipi

Kama unaendesha kazi za ndani, picha za kupunguza ukubwa au ripoti za usiku, idadi ya 3 mpaka 5 inatosha na huhitaji zaidi. Ukiwa unatuma kwa seva za watu wengine, anza na ukomo wa muda uliotokana na kalenda yao, dari ya pengo ya saa 1, na usomaji wa majibu kama ule wa juu. Kisha weka na idadi, kubwa kuliko hesabu yako inavyotoa, tuseme 150 kwa mfano wetu wa 125. Hiyo haitaguswa siku za kawaida. Ikigusa, kuna hitilafu kwenye ukokotoaji wa mapengo, labda pengo limekuwa sifuri na mfumo wako unamgonga mtu kila sekunde, na ni vizuri usimame wenyewe.

Ujumbe wenye uhai mfupi upe muda mfupi na majaribio mawili au matatu yaliyobanana. Malipo yanayotoka yasiwe na marudio ya kutuma kabisa mpaka uwe na namba ya utambulisho inayomwezesha mpokeaji kutambua kwamba ombi ni lile lile.

Na unapozifufua zilizokufa, usizirudishe zote kwa amri moja. Rudisha kumi, tazama majibu, halafu mia. Umri wao uanze upya ila namba ya muamala ibaki ile ile, kwa sababu baadhi ya hizo "mfu" zilishafika: shule ilizipokea, ikaziandika, kisha umeme ukakatika kabla ya kurudisha 200.